Kwa Nini Memba Tisa Hawagombei Zamu

Chukua namba 994,009. Ni 997 mara 997, na 997 ni namba tasa: haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Mwanahisabati akiambiwa kwamba mahali fulani kuna kundi lenye memba 994,009, hana haja ya kuuliza memba hao ni vitu gani wala wanaunganishwa vipi. Tayari anajua jambo moja la hakika juu yao: memba wowote wawili wakiunganishwa, haijalishi nani atangulie, jibu ni lilelile. Ondoa memba mmoja, wabaki 994,008, na uhakika huo unatoweka. Ongeza mmoja, wawe 994,010, unatoweka vilevile.

Idadi peke yake inawezaje kusema mengi kiasi hicho? Jibu lake lina hatua mbili tu, na mtu asiyeogopa kugawanya 9 kwa 3 anaweza kuzifuata zote.

Tuanze na kundi lenyewe. Kwa wanahisabati, kundi ni mkusanyiko wenye njia ya kuunganisha memba wawili ili kupata memba mwingine wa mkusanyiko uleule, na njia hiyo hutimiza masharti matatu. Ukiunganisha watatu kwa mfuatano, hakuna tofauti ukianza na wawili wa kwanza au ukianza na wawili wa mwisho. Yupo memba mmoja asiyebadili chochote, ambaye tutamwita e. Na kila memba ana kinyume chake, yaani memba anayefuta kazi yake na kuturudisha kwa e. Mwingereza Arthur Cayley aliiandika maana hii ya jumla mwaka 1854. Kabla ya hapo watu walikuwa wakizungumzia tu namna za kupanga upya vitu vilivyo mbele yao.

Maneno haya hueleweka vizuri zaidi mkononi kuliko kichwani. Kata kipande cha karatasi ngumu chenye pande nne sawa. Andika A kwenye kona ya juu kushoto, B juu kulia, C chini kulia na D chini kushoto, na kila kona iandikwe herufi yake upande wa nyuma pia. Kiweke mezani, ukichore kwa penseli kukizunguka. Sasa jiulize: kuna njia ngapi za kukiinua kipande hicho na kukirudisha kikae sawasawa ndani ya mchoro wake? Ziko nane. Unaweza kukiacha kilivyo, kukizungusha robo, nusu au robo tatu ya mzunguko, au kukipindua kwa mojawapo ya njia nne: kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini, au kwa kufuata moja ya mistari miwili inayokatiza kona hadi kona. Hilo ni kundi la memba nane, na kuunganisha ni kufanya kitendo kimoja kisha kingine.

Kipindue kwanza kutoka kushoto kwenda kulia, halafu kizungushe robo kama mshale wa saa unavyokwenda. Kona ya juu kushoto itakuwa C. Kirudishe kilivyokuwa, kisha anza na kuzungusha robo, ndipo ukipindue. Safari hii juu kushoto utaona A. Vitendo ni vilevile viwili. Kilichobadilika ni zamu tu, na jibu limebadilika.

Memba wawili wanaotoa jibu moja bila kujali zamu, tutasema wanapatana. Kundi ambalo memba wake wote wanapatana huitwa kundi la Abel, kwa heshima ya Niels Henrik Abel, Mnorwe aliyezaliwa mwaka 1802 na kufa kwa kifua kikuu mwaka 1829, akiwa na miaka 26. Mwaka aliofariki ilichapishwa makala yake juu ya milinganyo ambayo kila jawabu lake linaweza kukokotolewa kutokana na jawabu jingine. Alionyesha kwamba, pale ambapo kanuni hizo za kukokotoa zinapatana, mlinganyo unaweza kutatuliwa kwa hesabu za kawaida pamoja na vipeuo. Hapo ndipo jina lake lilipojishikiza kwenye kupatana, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kulitumia neno kundi kwa maana ya leo.

Kwa hiyo tunajua kwamba kundi la memba nane linaweza kukosa kupatana. La memba sita pia linaweza: rudia jaribio lile kwa pembetatu yenye pande tatu sawa, utaona. Kwa kweli namba yoyote shufwa kuanzia 6 ina kundi la aina hiyo, kwa sababu umbo lenye pande n zilizo sawa lina mizunguko n na mapinduo n, na kuzungusha hakupatani na kupindua. Ndiyo maana 994,008 na 994,010 hazina uhakika. Maumbo yenye pande 497,004 na pande 497,005 yanatosha kuuharibu.

Tisa je? Tisa ni 3 mara 3. Tutaichunguza tisa hadi mwisho, kisha tutaona kwamba hakuna tulichokifanya kilichoitegemea 3 yenyewe. Badala ya 3 unaweza kuweka namba tasa yoyote, ambayo kwa desturi huandikwa p, na badala ya 9 ukaweka p².

Ndani ya kila kundi wamo memba wanaopatana na kila mtu. Mkusanyiko wao huitwa kitovu, nasi tutauandika Z. Kitovu hakiwi kitupu kamwe, kwa kuwa e anapatana na wote. Pia kitovu chenyewe ni kundi dogo ndani ya kundi kubwa: ukiunganisha memba wawili wanaopatana na wote, utapata mwingine anayepatana na wote. Kwenye kipande chetu cha karatasi kitovu kina memba wawili, yaani kukiacha kilivyo na kukizungusha nusu. Kwenye pembetatu yumo e peke yake.

Swali letu basi ni hili: kitovu cha kundi la memba tisa kina memba wangapi? Kama ni tisa, basi wote wanapatana, na kazi imekwisha. Hapa tunahitaji kanuni moja iliyopewa jina la Joseph-Louis Lagrange, aliyeiona sura yake ya kwanza mnamo 1770 na 1771 alipokuwa akihesabu namna majawabu ya mlinganyo yanavyoweza kubadilishana nafasi. Kanuni hiyo inasema kwamba idadi ya memba wa kundi dogo lazima iigawanye bila baki idadi ya kundi kubwa lililolibeba. Tisa hugawanywa na 1, 3 na 9 tu. Kitovu chetu kina mmoja, watatu au tisa.

Hatua ya kwanza ni kumwondoa huyo mmoja. Chukua memba yeyote, mwite x. Kwa kila memba g wa kundi, fanya g, kisha x, kisha futa g kwa kinyume chake. Matokeo huandikwa gxg⁻¹. Kama g anapatana na x, kufanya g na kuifuta hakubadili kitu, nawe unarudi kwa x yuleyule. Kama hawapatani, unapata memba mwingine. Wote wanaopatikana kwa njia hii, tuwaite ukoo wa x. Ukitoka x kufika y kwa g, unaweza kurudi kwa kinyume cha g, na safari mbili zikiunganishwa huwa safari moja. Kwa sababu hiyo koo haziingiliani: kila memba wa kundi yumo katika ukoo mmoja, na mmoja tu.

Memba wa kitovu ana ukoo wa mtu mmoja, yeye mwenyewe. Na kinyume chake ni kweli: aliye peke yake katika ukoo wake anapatana na wote, kwa hiyo yumo kitovuni. Mtu akitaka kujua ukubwa wa kitovu, ahesabu koo zenye memba mmoja mmoja.

Ukoo unaweza kuwa na ukubwa gani? Tuseme g na h wanatoa matokeo yaleyale, gxg⁻¹ = hxh⁻¹. Ukisogeza herufi kidogo utaona kwamba jambo hilo hutokea pale tu h⁻¹g anapopatana na x. Maana yake ni kwamba kila memba wa ukoo hupatikana kwa njia nyingi sawasawa na idadi ya wale wanaopatana na x, si zaidi wala pungufu. Kwa hiyo ukizidisha ukubwa wa ukoo kwa idadi ya wanaopatana na x, unapata idadi ya kundi zima. Katika kundi la memba tisa, zao hilo ni 9, na ukubwa wa ukoo unaweza kuwa 1, 3 au 9 basi. Tisa yenyewe haiwezekani, kwa kuwa e daima yuko peke yake katika ukoo wake na ameshaichukua nafasi moja. Zinabaki koo za mmoja mmoja na koo za watatu watatu.

Sasa jumlisha. Koo zote pamoja ni memba tisa. Koo za watatu watatu, ziwe ngapi ziwe, zinachukua namba inayogawanyika kwa 3. Tisa nayo inagawanyika kwa 3. Basi kinachobaki, yaani idadi ya walio peke yao, lazima igawanyike kwa 3 pia. Haiwezi kuwa sifuri, kwa kuwa e yumo. Kitovu basi hakina mmoja tu. Kina watatu au tisa.

Angalia jinsi hesabu hii inavyoshindwa kwa pembetatu ya memba sita. Koo zake ni tatu: e peke yake, mizunguko miwili pamoja, na mapinduo matatu pamoja. Sita ni 1 + 2 + 3. Hakuna namba tasa moja inayogawanya 2 na 3 kwa pamoja, basi hakuna kinachomlazimisha e apate mwenzake kitovuni. Kwa p² vigawo ni 1, p na p² tu, na hapo ndipo p inapombana kila mtu. Hatua hii haihitaji hata kipeo kiwe cha pili: kundi lenye memba p³, p⁴ au kipeo chochote cha namba tasa lazima liwe na kitovu chenye zaidi ya e. Karatasi yetu ya memba nane inaonyesha hivyo, kwani koo zake ni 1 + 1 + 2 + 2 + 2.

Imebaki hali moja ya kuogopa, kitovu kuwa na watatu. Hatua ya pili inaonyesha kwamba hali hiyo haipo duniani. Tunaikubali kwa muda, tunaifuata inakotupeleka, na inajivunja yenyewe.

Tuseme Z ina watatu. Ligawe kundi katika mafungu kwa kufuata kitovu: fungu la kwanza ni Z yenyewe, fungu la memba a ni wale wote wanaopatikana kwa kumuunganisha a na kila memba wa Z, na huandikwa aZ. Kila fungu lina watatu, mafungu hayaingiliani, basi yako matatu. Sasa fumba macho kidogo usione memba mmoja mmoja, ona mafungu tu. Mafungu nayo yanaweza kuunganishwa: fungu la a likiunganishwa na fungu la b hutoa fungu la ab. Haijalishi umemchagua mwakilishi gani katika kila fungu, kwa sababu wawakilishi wa fungu moja wanatofautiana kwa memba wa kitovu tu, na memba wa kitovu anaweza kusogezwa kushoto au kulia bila kumsumbua mtu. Kwa hiyo mafungu matatu yenyewe ni kundi, lenye memba watatu, na Z ndiyo e yake.

Kundi la memba watatu halina siri. Chukua fungu lolote lisilo Z, tuseme aZ. Anza na Z, unganisha aZ, unganisha tena aZ, endelea hivyo hadi urudi ulikoanza. Mafungu unayoyapitia ni kundi dogo ndani ya kundi la watatu, na kwa kanuni ya Lagrange idadi yake ni 1 au 3. Haiwezi kuwa 1, kwa kuwa aZ si Z. Basi ni 3, na umeyapitia yote: Z, aZ, a²Z. Kundi ambalo memba mmoja anaweza kulizunguka lote kwa kujirudia huitwa kundi la mzunguko. Idadi ikiwa namba tasa, mambo huwa hivyo daima, na hapa ndipo utasa wa p unapofanya kazi yake ya pili.

Sasa fumbua macho. Kila memba wa kundi letu la tisa yumo katika fungu mojawapo, kwa hiyo anaweza kuandikwa kama a kilichorudiwa mara kadhaa, kikafuatwa na memba wa kitovu. Chukua wawili wowote:

x = aⁱz na y = aʲw, ambapo z na w wamo Z.

Waunganishe. xy ni aⁱ, kisha z, kisha aʲ, kisha w. Lakini z anapatana na wote, basi msogeze apite nyuma ya aʲ. Inakuwa aⁱaʲzw, yaani aⁱ⁺ʲzw. Fanya yx vivyo hivyo: aʲaⁱwz, nayo ni aⁱ⁺ʲzw ileile, kwa sababu a hagombani na nafsi yake, na z na w wote ni wa kitovu. Basi xy = yx.

Tulichagua x na y bila kuangalia, kwa hiyo memba wote wanapatana, kwa hiyo kitovu kina tisa. Lakini tulianza kwa kusema kina watatu. Kauli hizo mbili haziwezi kukaa pamoja, na iliyo ya uongo ni ile tuliyoikubali kwa muda. Kitovu kina tisa. Weka p badala ya 3 na p² badala ya 9, usome tena kuanzia kwenye koo, na hakuna sentensi itakayovunjika.

Ipo njia fupi zaidi ya kumalizia, na wengi huipenda: kama a hayumo kitovuni, wanaopatana na a ni pamoja na Z yote na a mwenyewe, basi ni zaidi ya watatu; idadi yao inagawanya 9, basi ni tisa, kumbe a yumo kitovuni. Ni mistari miwili, na ni sahihi. Mimi bado nachagua njia ya mafungu, kwa kuwa inakuachia kitu mkononi baada ya tisa kwisha. Inathibitisha kwamba kundi lolote, la idadi yoyote, ambalo mafungu ya kitovu chake yanafanya kundi la mzunguko, ni kundi la Abel. Na kundi la Abel lina fungu moja tu, kwa kuwa Z ni kundi zima. Kwa maneno mengine, idadi ya mafungu ya kitovu haiwezi kamwe kuwa 2, 3, 5, 7 wala namba tasa yoyote.

Makosa ambayo wanafunzi hufanya hapa yanafahamika, na mawili yanafaa kutazamwa kwa karibu. La kwanza ni kusahau kwamba mafungu lazima yawe ya kitovu. Mizunguko mitatu ya pembetatu inaligawa kundi lake la sita katika mafungu mawili, mizunguko upande mmoja na mapinduo upande wa pili. Kundi la mafungu mawili ni la mzunguko bila shaka, lakini pembetatu haipatani. Uthibitisho wetu ungekwama pale pa kumsogeza z nyuma ya aʲ: mzunguko hausogei mbele ya pinduo bila kubadilika. Ruhusa ya kusogea ilitoka kitovuni, na kikundi kingine hakiwezi kuitoa.

La pili ni kudhani kwamba inatosha mafungu yapatane. Rudi kwenye karatasi ya memba nane. Kitovu chake kina wawili, basi mafungu ni manne, na nne ni 2², kwa hiyo kwa kanuni tuliyokwisha kuithibitisha kundi hilo la mafungu linapatana. Hata hivyo karatasi yenyewe haipatani, tumeiona kwa macho. Kinachokosekana ni mzunguko: fungu lolote kati ya hayo manne likijirudia mara mbili linarudi Z, basi hakuna moja linaloweza kuyapitia yote. Unahitaji wawakilishi wawili, kuzungusha robo na kupindua, na hakuna aliyekuahidi kwamba wawili hao wataelewana.

Kosa dogo la tatu ni kuchanganya kupatana na kuwa wa mzunguko. Kundi la tisa linapatana daima, lakini lina sura mbili. Moja ni baki za kugawanya kwa 9, kuanzia 0 hadi 8, zikijumlishwa na kurudi sifuri zikifika tisa. Hapo 1 ikijirudia inawapitia wote. Ya pili ni jozi za baki za kugawanya kwa 3, kama (1, 2) au (0, 1), kila nafasi ikijumlishwa kivyake. Hapo kila jozi ikijirudia mara tatu inarudi (0, 0), na hakuna inayoweza kuwazunguka wote tisa. Hakuna sura ya tatu. Ndivyo ilivyo kwa 4, kwa 25, kwa 49 na kwa 994,009: makundi mawili tu kwa kila moja.

Kipeo kikipanda hadi cha tatu, uhakika unaisha. Kwa 27 tazama utatu wa baki za kugawanya kwa 3, unaounganishwa hivi:

(a, b, c) na (a′, b′, c′) hutoa (a + a′, b + b′, c + c′ + ab′).

Jaribu (1, 0, 0) kisha (0, 1, 0): unapata (1, 1, 1). Geuza zamu, unapata (1, 1, 0). Ile ab′ mwishoni ndiyo mchokozi. Kitovu cha kundi hili kina memba watatu, wale wenye sifuri katika nafasi mbili za mwanzo, na hakiwezi kuwa na tisa, kwa kuwa mafungu yangekuwa matatu, nayo 3 ni tasa. Hivyo kila kundi la 27 lisilopatana lina kitovu cha watatu na mafungu tisa, na mafungu hayo yana sura ya jozi, kamwe hayana sura ya baki za tisa. Mjerumani Otto Hölder alichapisha mwaka 1893 orodha ya makundi ya p³: kwa kila namba tasa ni matano, matatu yanapatana na mawili hayapatani.

Kanuni ya mafungu inatoa jambo moja zaidi ambalo watu wachache hulitarajia. Kundi lisilopatana haliwezi kuwa na fungu moja la kitovu, wala mawili, wala matatu. Lina manne au zaidi, basi kitovu chake hakizidi robo ya kundi. Na kila memba aliye nje ya kitovu anapatana na nusu ya kundi kwa wingi wake, kwa sababu wanaopatana naye ni kundi dogo ambalo si kundi zima, na kanuni ya Lagrange hairuhusu kitu kati ya nusu na zima. Robo wanapatana na wote, robo tatu wanapatana na nusu: jumla ni 1/4 + 3/8, yaani 5/8. Ukichagua jozi za memba ovyo katika kundi lolote lenye idadi yenye kikomo, ama jozi zote zinapatana, ama zinazopatana hazizidi 5/8. Hakuna kundi linalopatana kwa asilimia 70, wala 90, wala 99. Kipande cha karatasi cha memba nane kinafika kwenye kiwango hicho sawasawa: kati ya jozi zake 64, zinazopatana ni 40.